WhatsApp: umechagua "My contacts" na bado wanakuona? Fuata hatua hizi

Nina kibanda cha kava na chaja karibu na soko la Kongowea. Kwa kuwa nina subira ya kushika simu za watu, nimejikuta fundi wa mipangilio bila kuiomba kazi hiyo. Lalamiko ninaloletewa ni moja, kila siku likivaa kanzu nyingine: "Niliweka My contacts kila mahali, mbona fulani bado ananiona?"

Fulani anakuona kwa sababu namba yake umeisevu wewe mwenyewe. "My contacts" si watu unaowapenda, wala si watu waliokusevu wao. Ni kila namba iliyomo kwenye kitabu cha namba cha simu yako: mwenye nyumba wa zamani, dalali wa Bamburi, dereva wa tuktuk aliyekubebea jokofu mwaka juzi, na yule uliyeachana naye kwa ugomvi ukasahau kumfuta. Ukishalielewa hili moja, nusu ya kazi umeimaliza. Watu hushindwa kwa sababu wanaanzia kwenye mipangilio, ilhali tatizo liko kwenye kitabu cha namba.

Nitatumia mfano wa jirani yangu wa Majengo, mama anayepika mahamri na viazi karai kwa oda za harusi na hitima. Hapa nitamwita Mama Mahamri. Alitaka mambo manne: wateja waone picha, jamaa fulani wasijue yuko hewani saa ngapi, asiburutwe kwenye makundi asiyoyajua, na mazungumzo yake na dadake yasikae kwenye simu milele. Yote yalifanyika kwa kikao kimoja, chai ikiwa mezani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Simu yako, WhatsApp ikiwa imesasishwa kutoka Play Store au App Store. Toleo la zamani huwa halina baadhi ya vitu nitakavyovitaja.

Simu mbili za kujaribia. Ya kwanza iwe ya mtu ambaye namba yake hujaisevu, ila yeye amekusevu. Ya pili iwe ya mtu uliyemsevu. Watoto wa jirani wanafaa sana kwa kazi hii.

Kalamu na karatasi. Usicheke. Utaandika majina ya watu unaotaka kuwazuia, maana orodha hiyo utaiingiza zaidi ya mara moja na kichwa husahau.

Nusu saa hadi dakika arobaini. Bando ndogo inatosha.

Kama unatumia zile WhatsApp za kupakua nje ya duka rasmi, GB WhatsApp na ndugu zake, ziondoe kwanza. Watu huziweka ili wajifiche, kumbe wanaweza kuwa wanamkabidhi mtu wasiyemjua mazungumzo yao yote, na WhatsApp yenyewe huzifungia akaunti zinazotumia programu hizo.

Maneno nitakayoyaandika kwa Kiingereza ni yale utakayoyasoma kwenye skrini, kwa kuwa simu nyingi ninazoletewa ziko kwa lugha hiyo. Kama yako iko kwa Kiswahili, tafuta Mipangilio kisha Faragha. Mpangilio wa orodha ni ule ule.

## Hatua ya 1: Pekua kitabu cha namba

Hii ndiyo hatua ambayo kila mtu huiruka.

Fungua namba zako zote, uzipitie kuanzia A hadi Z. Kwa kila jina jiulize swali moja: huyu akiiona picha yangu ya wanangu leo usiku, sawa? Kama jibu ni hapana na namba yenyewe huihitaji, ifute. Kama jibu ni hapana lakini namba unaihitaji, kwa mfano ya mwenye nyumba, liandike jina kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo orodha yako ya kuzuia.

Mama Mahamri alikuwa anasevu kila mteja aliyewahi kuuliza bei: "Harusi Kisauni", "Mteja Tudor 2", "Yule wa Jumapili". Wengi hawakuwahi hata kununua. Tulipomaliza kufuta, karatasi ilibaki na majina saba tu.

Angalia mitego miwili. Kwanza, namba moja inaweza kuwa imesevuliwa mara mbili, kwenye laini na kwenye akaunti ya Google. Ukifuta moja, nyingine bado inamfanya mtu yule awe "contact" wako. Tafuta kwa tarakimu za namba, si kwa jina, ndipo utaziona zote. Pili, WhatsApp siku hizi inaweza kusevu namba ndani yake yenyewe bila kuipeleka kwenye kitabu cha simu. Kwa hivyo fungua pia orodha ya WhatsApp, pale unapoanzisha chati mpya, uone kama yule uliyemfuta bado yupo. Kwenye Android ukurasa huo una vitone vitatu vyenye neno "Refresh". Kibonyeze baada ya kufuta.

Utajua umefaulu ukitafuta namba ya mtu uliyemfuta ndani ya WhatsApp na jina lake lisitokee. Chati yenu ya zamani ikiwa bado ipo, juu yake patakuwa na namba tupu badala ya jina.

## Hatua ya 2: "Last seen" na "online" ni vitu viwili

Kwenye Android bonyeza vitone vitatu juu kulia, kisha Settings, kisha Privacy. Kwenye iPhone, Settings iko chini kulia, nayo Privacy iko humo ndani. Bonyeza "Last seen and online".

Ukurasa utakaofunguka una maswali mawili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Swali la juu linauliza nani aone mara ya mwisho ulipokuwa hewani. Majibu yake ni manne: Everyone, My contacts, My contacts except..., na Nobody. Swali la chini linauliza nani akuone ukiwa hewani sasa hivi, nalo lina majibu mawili tu: Everyone na "Same as last seen".

Mtu huchagua Nobody juu, akafunga, akaenda zake akiwa na amani. Lile la chini limebaki Everyone. Kwa hivyo saa saba ya usiku akifungua WhatsApp, neno "online" linang'aa kwa kila mwenye namba yake. Asubuhi anaulizwa alikuwa anaongea na nani. Basi ukishachagua la juu, shuka uchague "Same as last seen". Bila hilo hujafanya kitu.

Sasa, juu uchague lipi? Kuna gharama ambayo watu hawaambiwi. Ukimficha mtu muda wako, wewe nawe huuoni wake. Ukichagua Nobody, hutaona muda wa yeyote. Kwa mtu anayeuza kitu hiyo ni hasara: hujui kama mteja ameingia hewani akaupuuza ujumbe wako au simu yake imezimwa. Ndiyo maana mimi sipendi Nobody kwa wafanyabiashara.

Kwa Mama Mahamri tulichagua "My contacts except...". Orodha ya namba ikafunguka, tukaweka tiki kwenye yale majina saba ya karatasi, kisha tukabonyeza alama ya tiki chini ili kuthibitisha. Kwenye iPhone ni neno "Done". Usirudi nyuma bila kuthibitisha, kwa sababu uliyoyachagua yote yatapotea kimya kimya. Nimeona mtu akiweka tiki majina ishirini kisha akabonyeza kitufe cha kurudi, na wiki nzima anaapa kwamba WhatsApp ni mbovu.

Ukirudi kwenye ukurasa wa Privacy, chini ya "Last seen and online" utasoma kwamba watu kadhaa wameondolewa, na idadi yao itaonekana. Ilinganishe na karatasi yako.

Orodha hii ni ya kuzuia, si ya kuruhusu. Mtu mpya utakayemsevu kesho ataingia moja kwa moja upande wa wanaoruhusiwa.

Tiki za buluu ni swichi nyingine, "Read receipts", humo humo kwenye Privacy. Nayo ina kisasi chake: ukiizima, huzioni za wenzako katika chati za watu wawili. Kwenye makundi huendelea kuonekana hata ukiizima. Mama aliiacha ikiwa imewashwa, maana wateja wake hupenda kuona kuwa oda imesomwa.

## Hatua ya 3: Picha yako

Rudi Privacy, bonyeza "Profile photo" (kwenye matoleo mengine imeandikwa "Profile picture"). Majibu ni yale yale manne. Tofauti na hatua iliyopita, hapa hakuna kisasi: ukificha yako, bado utaona za wengine ambao hawajazificha.

Nitakaa hapa kidogo, maana kisa cha Mama kilianzia kwenye picha.

Mwaka jana mtu alichukua picha yake ya Idi, akafungua akaunti kwa namba nyingine, akaiweka picha ile pale, kisha akawaandikia jamaa zake: "Nimebadilisha laini, nisaidie elfu mbili nimekwama hospitali." Binamu mmoja wa Likoni alituma. Picha haikuwa imeibwa kwa ufundi wowote. Ilikuwa imewekwa Everyone, na namba ya Mama imebandikwa kwenye ndoo ya mahamri kwa kalamu nyekundu. Yeyote mwenye namba angeiona.

Baada ya hapo alikimbilia Nobody, na tatizo jingine likaingia. Mteja mgeni akimwandikia anaona kichwa cha kijivu, hakuna uso wala bidhaa, halafu anaombwa malipo ya nusu kabla. Nani atume? Oda za wageni zikapungua.

My contacts nayo isingemsaidia, kwa sababu ile ile niliyoanza nayo. Mteja mpya amemsevu Mama, ila Mama hajamsevu mteja. Kwa mteja huyo picha haionekani. Watu wengi hudhani mambo ni kinyume, kwamba aliyenisevu ndiye anayeniona.

Tulichofanya ni kuitenganisha picha na uso. Tuliweka picha ya sinia la mahamri na viazi karai, tukachagua Everyone. Sinia halina ndugu wa kuombwa pesa. Picha za Idi na wajukuu zikahamia kwenye Status, ambayo ina mpangilio wake ndani ya Privacy. Pale tulichagua "Only share with..." tukaweka tiki kwa watu wa nyumbani tu. Hii, tofauti na nyingine, ni orodha ya kuruhusu, kwa hivyo namba mpya haiingii mpaka uiingize kwa mkono.

Kama huuzi kitu na picha yako ni ya uso, chagua My contacts, au "My contacts except..." ukirudia majina ya karatasi. Nasema ukirudia, kwa kuwa kila mpangilio una orodha yake. Kumzuia mtu kwenye Last seen hakumzuii kwenye picha. Hapa ndipo karatasi inapolipa.

Mipaka yake uijue. Aliyekwisha kuihifadhi picha yako ya zamani anayo, na hakuna mpangilio utakaomnyang'anya. WhatsApp hairuhusu tena kupiga picha ya skrini kwenye picha ya wasifu ya mtu, lakini simu ya pili ikiielekezea kamera skrini hiyo, inanasa kila kitu.

## Hatua ya 4: Makundi

Privacy, kisha "Groups". Majibu ni matatu: Everyone, My contacts, na "My contacts except...". Nobody hutaliona, na watu huhangaika kulitafuta.

Ukiacha Everyone, mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kukutia kwenye kundi bila kukuuliza. Wale wa "fanya kazi nyumbani, weka elfu moja uvune elfu tatu" huingia kwa mlango huu. Kundi moja linaweza kuwa na hadi watu 1,024, na wote wanaiona namba yako kuanzia dakika ulipoingizwa.

Kwa watu wengi My contacts inatosha, kwa sababu matapeli hao hujawasevu. Lakini hapa Mombasa tuna tatizo la pili, la watu tunaowajua kabisa: kamati ya harusi, mchango wa matanga, wazazi wa darasa la nne, na kundi la kamati ya kuisimamia kamati. Hawa umewasevu, nao hukuingiza bila hodi. Ukitaka hata hao waombe kwanza, chagua "My contacts except...", bonyeza alama ya kuchagua wote, kisha thibitisha. Hiyo ndiyo Nobody yenyewe, imepitia mlango wa nyuma.

Mama alisita. "Mwanangu, si nitaonekana naringa?" Hapana. Anayejaribu kukuingiza haambiwi kwamba umemkataa. Anapata nafasi ya kukutumia mwaliko kwa ujumbe wa faragha. Ukiupokea una siku tatu za kuukubali, ukinyamaza unaisha wenyewe. Na kwa uzoefu wangu, anayeingiza namba mia mbili kwa pupa hana muda wa kumwandikia kila mmoja.

Kumbuka kwamba namba mpya utakayoisevu baada ya leo haimo kwenye ile "wote". Kwa hivyo mara moja moja rudi uchague wote upya.

Mpangilio huu hautoi mguu wako kwenye makundi uliyomo tayari. Hayo utayatoka mwenyewe: fungua kundi, bonyeza jina lake juu, shuka hadi "Exit group". Siku hizi tangazo la kutoka kwako huwafikia wasimamizi tu, ingawa mwanakundi anayepekua anaweza kuona majina ya waliotoka katika siku 60 zilizopita. Kama ni kundi la ukoo na kutoka kutaleta maneno, lipeleke kwenye Archive na ulizime sauti, liendelee kuzungumza peke yake.

## Hatua ya 5: Ujumbe unaojifuta

Njia ni mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowaangusha watu.

Ya kwanza ni Privacy, kisha "Default message timer". Unachagua 24 hours, 7 days au 90 days. Muda huu unazihusu chati mpya za watu wawili zitakazoanza baada ya leo. Chati zako za zamani hazigusi, isipokuwa uzichague mwenyewe kupitia maandishi yaliyo kwenye ukurasa huo huo.

Ya pili ni chati moja moja. Fungua chati, bonyeza jina la mtu juu, tafuta "Disappearing messages", chagua muda. Mimi huwashauri watu njia hii, hasa wenye biashara. Ukiweka saa 24 kwa kila chati mpya, oda ya mahamri mia tatu iliyoandikwa Jumatatu itakuwa imeyeyuka kabla ya Ijumaa, pamoja na bei mliyokubaliana. Siku mteja akisema "tulikubaliana mia mbili", huna cha kumwonyesha.

Kwa hivyo kwa Mama, "Default message timer" ilibaki Off. Tukaifungua chati ya dadake peke yake, ile ya mambo ya shamba la marehemu baba na nani amechanga ngapi, tukaweka 7 days.

Ukishachagua, ndani ya chati utaona tangazo dogo kwamba muda wa ujumbe umebadilishwa, na alama ya saa itakaa kwenye picha ya mtu yule. Dadake naye analiona tangazo hilo, kwa hivyo mweleze mwenzio kabla, asije akadhani unaficha kitu. Naye pia ana uwezo wa kuizima saa hiyo au kubadilisha muda. Kwenye kundi, mwanachama yeyote anaweza kufanya hivyo, mpaka msimamizi azuie.

Kinachojifuta ni kile kinachotumwa kuanzia hapo. Mazungumzo ya mwaka mzima yaliyopita yatakaa palepale. Yafute kwa mkono kama huyataki, nayo yatabaki upande wa mwenzio.

Tena usiuone ujumbe huu kama moshi. Hizi ndizo njia unazobakia:

Mwenzio akiusambaza kwenye chati isiyo na saa, kule haufutiki. Akiujibu kwa kuunukuu, maneno yaliyonukuliwa yanaweza kubaki. Anaweza pia kuubonyeza kwa muda mrefu na kuchagua "Keep". Hapo wewe uliyeutuma unaarifiwa, na uamuzi wa mwisho ni wako, unaweza kumkatalia. Picha ya skrini haizuiliki wala huambiwi. Na picha ulizotuma, kama simu yake inapakua zenyewe, zinaweza kubaki kwenye gallery yake baada ya chati kuwa safi.

Kwa hilo la mwisho kuna dawa mbili. Picha nyeti itume kwa alama ya 1 iliyo pembeni ya sehemu ya maelezo kabla ya kutuma. Inafunguliwa mara moja tu na haikubali picha ya skrini. Au, kwenye ukurasa ule ule wa jina la mtu, washa "Advanced chat privacy", ambayo huzuia picha kujipakua zenyewe na huzuia chati kutolewa nje ikiwa nzima.

Kitambulisho na namba ya siri ya M-Pesa usitume kabisa, iwe kwa saa au bila saa.

## Hatua ya 6: Kompyuta uliyoisahau

Hii ni fupi lakini nimeikuta mara nyingi. Nenda kwenye vitone vitatu, "Linked devices". Kwenye iPhone iko ndani ya Settings. Utaona orodha ya kompyuta na simu zinazosoma WhatsApp yako. Kama uliwahi kuchapisha tiketi ya basi kwenye saiba kwa kuscan WhatsApp Web, inawezekana bado iko wazi, na anayekaa pale anasoma kila kitu hata ujifiche vipi kwingine. Bonyeza kifaa usichokitambua, kisha "Log out".

Simu ya Mama ilikuwa na kompyuta moja. Hakukumbuka ni ya wapi. Tuliitoa.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa macho ya mwingine

Simu yako haiwezi kukuonyesha unavyoonekana. Chukua zile simu mbili.

Kabla ya kuanza, hakikisha simu ya kujaribia imeweka "Last seen" na "online" kuwa Everyone. Kama mwenyewe amejificha, hataona muda wa mtu yeyote, nawe utashangilia ushindi ambao haupo. Hakikisha pia hujambloku, maana aliyeblokiwa naye haoni muda wala picha mpya.

Anza na simu ya mtu ambaye hujamsevu. Wewe fungua WhatsApp uikodolee macho, yeye afungue chati yako. Kama uliweka My contacts au zaidi, chini ya namba yako hapaswi kuona "online" wala saa. Abonyeze picha: aone ile uliyokusudia ionekane kwa wageni, au kichwa cha kijivu. Kisha afungue kundi jipya na ajaribu kukuingiza. Simu yake ikimletea nafasi ya kukutumia mwaliko, umefaulu. Ukijikuta ndani ya kundi, rudi Hatua ya 4, yamkini hukuthibitisha.

Kwa simu ya mtu uliyemsevu, rudia yote matatu. Yeye aone muda wako. Halafu mwongeze kwa muda kwenye orodha ya "except", muulize tena. Muda ukitoweka kwake na kwako pia, orodha inafanya kazi. Mtoe.

Ikiwa picha ya zamani bado inaonekana kwenye simu ya kujaribia, usianze kubadilisha mipangilio. Simu huhifadhi nakala ya picha iliyokwisha kuiona. Afunge WhatsApp kabisa, aifungue tena akiwa na mtandao, kisha abonyeze picha yenyewe ifunguke kubwa. Na ikiwa mtu mmoja tu ndiye bado anakuona wakati wengine hawakuoni, chukua namba yake, itafute kwa tarakimu kwenye kitabu cha simu. Mara tisa kati ya kumi ninazoletewa, namba hiyo imelala pale kwa jina ambalo hata wewe ulishalisahau. Ya Mama Mahamri ilikuwa imeandikwa "Fundi Bomba".